Punje ngumu na rojo ndani ya sufuria moja: kisa cha maharage ya dahalia

Kisa hiki ni cha dahalia ya chuo kimoja cha Kurani, kusini mashariki ya Unguja, upande wa maweni. Wanafunzi wanaolala pale wanapita mia kidogo, na siku ya wali na maharage jikoni hutoka kilo 15 za maharage makavu. Siku ninayoisimulia, kuni ziliwashwa saa kumi na moja alfajiri na chakula kikapakuliwa saa nane mchana, Adhuhuri imeshapita zamani. Juu ya kuchelewa huko, sahani zilirudi nusu. Mchuzi ulikuwa rojo zito lenye rangi ya matope na ladha ya sabuni, na ndani ya rojo hilo mlikuwa na punje nzima nzima ambazo ukizitia jinoni zinakatika katikati, ndani nyeupe na kavu.

Mimi hupika kwenye shughuli, na msimamizi wa dahalia aliniita nikaangalie. Mpishi mkuu wa pale, ambaye wote humwita Bi Mkubwa, alinipokea kwa swali ambalo kwa kweli ndilo lote lililohitaji jibu. Alisema, "Mwanangu, moto nimetia, maji nimetia, magadi nimetia. Sasa nitie nini tena?"

Watu wengi wakiona punje ngumu husema hayakupikwa sana, na wakiona rojo husema yamepitiliza. Yanapotokea yote mawili ndani ya sufuria moja, maneno hayo hayasaidii, kwa sababu ukizidisha moto unazidisha rojo, na ukipunguza moto unabaki na mawe. Ilibidi turudi nyuma mpaka usiku wa kuamkia siku ile.

Yaliyofanyika

Stoo mlikuwa na magunia mawili. Moja lilinunuliwa wakati wa vuli, likakaa humo kaskazi yote na masika yote, chini ya bati, pembeni ya ukuta unaovuja. La pili lilikuwa limeletwa wiki ileile kutoka sokoni Mwanakwerekwe. Yote maharage mekundu, yote kutoka bara kama yalivyo karibu maharage yote tunayokula visiwani. Gunia la zamani lilikuwa linakaribia kwisha, kwa hiyo Bi Mkubwa alipima kilo 9 za humo na kilo 6 za gunia jipya, akazichanganya, akazichambua mawe, akazirowesha kwenye ndoo mbili kwa maji ya kisima.

Ndoo zilikuwa ndogo kwa kazi hiyo. Maharage makavu yakishiba maji uzito wake unakuwa kama mara mbili, na ujazo nao vivyo hivyo. Asubuhi tabaka la juu lilikuwa limechomoza nje ya maji, limenyauka ngozi. Maji yenyewe yalikuwa na povu na harufu ya uchachu, maana yalitiwa baada ya Alasiri na usiku wetu hauna baridi ya kuyatunza.

Kilo zote 15 zikaingia sufuria moja, mpaka ukingoni. Saa mbili asubuhi, yalipokuwa yanachemka lakini bado mabichi, vitunguu na nyanya vikatiwa humo humo ili kumaliza kazi mapema. Saa nne, kwa kuwa hayalegei, moto ukaongezwa. Saa tano, konzi moja ya magadi. Baada ya hapo mwiko haukupumzika.

Karibu kila hatua hapo ina kasoro, na mtu angeweza kuziorodhesha zote akaondoka. Lakini kasoro hazina uzito sawa. Nilitaka kujua ipi ndiyo iliyovunja sufuria, kwa sababu jikoni lenye watu watatu na watoto zaidi ya mia haliwezi kubadilisha mambo kumi kwa siku moja.

Kushiba maji na kuiva ni mambo mawili

Kwanza nilitaka kuona kama maharage ya zamani yananywa maji. Kuna punje ambazo ngozi yake imekauka ikafunga kabisa, ukizirowesha usiku kucha asubuhi ziko vilevile, ndogo, zinang'aa, zinagonga ukizidondosha kwenye bati. Hizo zinajulikana kwa macho, na dawa yake ni ndogo: unaziokota, au unazipitisha kwenye maji ya moto yaliyochemka, ngozi inalegea, zinaanza kunywa.

Ya gunia la zamani hayakuwa hivyo. Niliyarowesha konzi moja peke yake, na asubuhi yalikuwa yamevimba vizuri sawa na mapya. Ukiziweka mbili kiganjani, ya zamani na mpya, zikiwa zimeshiba maji, huwezi kuzitofautisha ila kwa rangi, maana ya zamani imefifia na kuingia weusi. Hapa ndipo wapishi wengi wanapopotea. Wanaona limevimba, wanaamini liko tayari kuiva. Kumbe kuna ugumu wa pili, ambao hauhusiani na maji kuingia. Maji yameingia, lakini punje hailegei hata ikichemka mchana kutwa.

Punje ya haragwe imejengwa kwa chembe ndogo ndogo zilizoshikamanishwa na kitu kinachoitwa pektini, na pektini kwenye punje ni kama udongo baina ya mawe ya ukuta. Kuiva ni pektini hiyo kuyeyuka kwa moto, chembe zikaachana, ndipo jino likaona ulaini. Kinachoizuia kuyeyuka ni kalsiamu na magnesiamu, madini yaleyale ya chokaa. Yakiishika, inakaza, na moto wa kawaida hauiwezi tena.

Madini hayo hufika kwenye punje kwa njia mbili. Moja iko ndani ya haragwe lenyewe: lina kalsiamu na magnesiamu yake, iliyofungwa mahali pengine, kwenye kitu cha asili cha mbegu kiitwacho fitati. Likiwekwa kwenye joto na unyevu kwa miezi mingi, fitati huvunjika taratibu, madini yanaachiwa, yanahamia kwenye pektini. Haya ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi, na yanaendana na wanayoyaona wapishi wa pwani: maharage yaliyokaa stoo masika nzima si yale yaliyoingia. Baridi na ukavu hayafanyi hivyo haraka. Joto letu na unyevu wetu ndivyo hasa vinavyoyaharibu.

Njia ya pili ni maji.

Vyungu vinne

Upande ule wa kisiwa ardhi ni jiwe la matumbawe, na kisima kinachochimbwa humo kinatoa maji yaliyopita kwenye chokaa. Birika la jikoni lilikuwa na ukoko mweupe ndani, mgumu, wa unene wa ukucha. Sabuni pale haitoi povu mpaka uitumie nyingi. Dalili hizo mbili zinatosha, huhitaji kipimo cha maabara.

Nikamwomba Bi Mkubwa tangi la maji ya mvua lililokuwa limebaki na maji ya masika, na vijisufuria vinne vya ukubwa mmoja. Tukarowesha usiku maharage ya gunia la zamani peke yake na ya gunia jipya peke yake, kila moja kwa maji ya kisima na kwa maji ya mvua. Asubuhi kila sufuria ikapikwa kwa maji yaleyale iliyoroweshwa, moto mdogo wa makaa, bila chumvi, bila nyanya, bila magadi. Kila nusu saa tunatoa punje kumi na kuzibonyeza kwa vidole.

Mapya kwenye maji ya mvua yaliiva kwa muda kama wa saa moja na dakika chache. Mapya kwenye maji ya kisima yalichukua saa moja na nusu na zaidi kidogo. Ya zamani kwenye maji ya mvua yalifika saa mbili na nusu, yakalegea, ingawa si kwa ulaini wa mapya. Ya zamani kwenye maji ya kisima, baada ya saa tatu na nusu, bado kila punje kumi tatu au nne zilikuwa na kiini. Tukaacha, makaa yalikuwa yanakwisha.

Kwa hiyo sufuria ile ya kwanza, hata kabla ya nyanya na magadi, ilikuwa na maharage yanayohitaji saa moja na nusu pamoja na maharage yasiyoiva kwa saa tatu. Hakuna dakika hata moja ambayo mpishi angeweza kuepua akapata yote sawa. Alipoyasubiri ya zamani, mapya yalipasuka, yakapondwa na uzito wa yaliyo juu yake, mwiko ukamalizia. Rojo na mawe vilitoka kwenye chanzo kimoja, kuchanganya magunia mawili, na maji ya chokaa yakapanua pengo lililokuwapo.

Bi Mkubwa alilipokea jambo hili vizuri kuliko nilivyotegemea. Alichobisha ni magadi. "Mama yangu alitia magadi, na maharage yake yakaiva," alisema. Na mama yake hakukosea.

Magadi, na soda ya kupikia vilevile, hulegeza pektini kweli. Tatizo ni mahali na kiasi. Yakitiwa kidogo kwenye maji ya kurowesha, yanafanya kazi usiku mzima kwa kila punje sawasawa, kisha yanamwagwa. Yakitiwa konzi nzima saa tano mchana, kwenye sufuria ambayo nusu ya maharage yameshaiva, yanayokutana nayo kwanza ni yale laini, na hayo ndiyo yanayoyeyuka. Zile punje ngumu zinavuliwa ngozi tu, kiini kinabaki. Rangi inaingia weusi, ladha inakuwa ya sabuni, na vitamini B1 ya maharage inaharibika kwa kiasi kikubwa. Magadi ya sokoni pia ni makali kuliko soda, na ukali wake haulingani kutoka fungu hadi fungu. Kwa hiyo mimi hutumia soda, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila kilo mbili za maharage makavu, kwenye maji ya kurowesha peke yake. Tena iwe soda, si bekingi pauda. Pauda ina tindikali ndani yake, na aina nyingine zina kalsiamu, yaani kitu kilekile unachokikimbia.

Nyanya nazo zilichangia. Tindikali inaizuia pektini kuyeyuka, na nyanya, ndimu, ukwaju na embe mbichi vyote vina tindikali. Kiungo kichachu kikiingia kabla punje haijalainika, unaweza kuongeza saa nzima na zaidi kwenye mapishi. Kikiingia baada ya kulainika hakina madhara, kinasaidia hata punje zisivurugike. Nyanya zitangoja mpaka haragwe libonyezeke kwa vidole viwili bila kiini.

Chumvi imesingiziwa. Jikoni kwetu wengi wanaamini chumvi ikitiwa mapema maharage hayaivi. Ukweli unakwenda upande wa pili: sodiamu ya chumvi ikiingia kwenye ngozi inasukuma kalsiamu na magnesiamu na kukaa mahali pao, na ngozi inalainika bila kupasuka. Kwa wenye maji ya chokaa, kurowesha kwenye maji ya chumvi ni msaada mkubwa, kijiko kimoja cha kulia kwa kila lita, karibu gramu 15. Maji hayo yanamwagwa, maharage yanasuuzwa, na ladha ya chumvi inayobaki ni ndogo.

Tulivyoyapika tena

Mara ya pili tulitumia gunia jipya peke yake, kilo 15 zilezile, ila tulizigawa sufuria mbili za lita 50. Huo ndio mwisho wangu: sufuria ya lita 50 haichukui zaidi ya kilo 7 na nusu au 8 za maharage makavu. Yakishashiba maji yanafika kilo 15 hadi 16, unaongeza maji ya kuyafunika kwa vidole vinne, na juu inabaki nafasi ya povu. Ukijaza zaidi ya hapo, ya chini yanabebeshwa uzito wa yote, na mwiko hauwezi kufika chini bila kuponda.

Maji ya mvua hayangetosha kazi yote. Tukafanya jambo ambalo Bi Mkubwa hakuwa amelisikia, ingawa birika lake lilikuwa likilifanya kila siku. Maji ya kisima cha maweni ukiyachemsha kwa robo saa, sehemu kubwa ya chokaa inajitenga, inakuwa unga mweupe unaotua chini na kuganda pembeni. Ule ukoko wa birika ndio huo. Unayaacha yatulie mpaka yapoe, unachota ya juu taratibu, masimbi unayaacha. Yanagharimu kuni, kwa hiyo tuliyafanya kwa maji ya kupikia tu. Ya kurowesha tukayaacha ya kisima yalivyo, tukategemea chumvi na soda. Tahadhari moja: visima vilivyo karibu na bahari ambavyo maji yake yana ladha ya chumvichumvi havisaidiki kwa kuchemsha, kwa kuwa madini ya maji ya bahari hayatui chini kama chokaa ya jiwe. Mwenye kisima hicho atafute ya mvua au ya bomba kwa siku ya maharage.

Tulirowesha saa nne usiku, si Alasiri. Kilo 15 kwenye lita 50 za maji, ndani ya pipa pana, chumvi gramu 750 na soda vijiko saba na nusu vya chai. Maji yalipita juu ya maharage kwa zaidi ya shubiri, na asubuhi yalikuwa bado yameyafunika. Saa nane hadi tisa zinatosha kwa hali yetu ya hewa. Zikizidi kumi, hasa wakati wa kaskazi, uchachu unaanza, na ukikuta povu lenye harufu ujue umechelewa kuyamwaga. Aliyesahau kurowesha usiku anayo njia nyingine: anayachemsha dakika tatu, anaepua, anafunika, anayaacha saa moja, anamwaga maji na kuanza upya. Yanaiva vizuri, ila kwa sufuria kubwa kazi hiyo inakula kuni nyingi.

Moto tuliwasha saa moja asubuhi. Ilichukua kama dakika arubaini kwa sufuria kuchemka. Wengi huanza kuhesabu muda tangu kuwasha moto, na kwa sufuria kubwa hesabu hiyo inadanganya. Hesabu huanza povu linapopanda. Dakika kumi na tano za kwanza tuliacha yachemke kwa nguvu, tukiengua povu, na jambo hili si la ladha. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini inayomtapisha mtu ndani ya saa chache, na punje chache tu zinatosha. Kuchemka kwa nguvu kwa dakika kumi au zaidi kunaiondoa, lakini joto la chini lisilochemsha haliiondoi, linaweza hata kuzidisha madhara. Ndiyo maana kuyaacha juu ya majivu ya moto usiku kucha bila kwanza kuyachemsha ni hatari. Kwa taarifa, watoto waliolalamika matumbo siku ya kwanza walikuwa na gesi tu, maana sufuria ile ilichemka saa nyingi.

Baada ya hapo tukavuta kuni nje, zikabaki mbili kwa kila jiko, maji yanatikisika tu pembeni. Mwiko ukatumika kwa kukwangua chini polepole kila baada ya robo saa, kwa kuusukuma sakafuni mwa sufuria, bila kukoroga kwa kuzungusha. Pembeni tulikuwa na birika kubwa la maji ya moto ya kuongeza. Maji baridi yakiingia sufuria ya lita 50 yanaizimisha, na inachukua muda mrefu kurudi kuchemka.

Kuiva tulikupima kwa upawa uliopitishwa mahali patatu, juu, katikati na chini, maana ya chini hutangulia na ya juu huchelewa. Unatoa punje kumi. Kama hata moja ina kiini cheupe, bado. Ilipofika saa tatu na robo asubuhi zote kumi zilibonyea, ngozi nzima. Ndipo vitunguu, nyanya na bizari zikaungwa pembeni kwa mafuta na kumiminwa, chumvi ikaonjwa ndipo ikaongezwa, tui jepesi likafuata. Nazi tulizokuna ni kiasi cha moja kwa kila kilo ya maharage makavu. Kasimile iliingia mwisho, moto umeshapunguzwa, maana ikichemshwa kwa nguvu tui linakatika na mafuta yanaelea peke yake.

Saa nne na nusu kazi ilikuwa imekwisha.

Adesi za siku ya katikati

Kati ya siku ya kwanza na ya pili dahalia walipika adesi za kahawia, kilo 8, wakiamini hizo hazina matatizo. Zikatoka uji. Bi Mkubwa alifikiri ni maji tena. Hapana: zilipikwa kama maharage. Ziliroweshwa usiku kucha, zikachemshwa kwa moto wa maharage, zikaachwa jikoni zikisubiri wali.

Adesi ni punje nyembamba yenye ngozi laini, maji yanaifika kati kwa dakika chache tu. Haihitaji kuroweshwa. Unaichambua, kwa uangalifu kuliko maharage kwa sababu kijiwe cha adesi kinalingana na adesi yenyewe, unaisuuza, unaitia kwenye maji yaliyokwisha kuchemka, lita tatu kwa kila kilo. Ndani ya dakika 25 hadi 35 iko tayari. Kwa maji ya chokaa ongeza dakika kumi, na hapo chokaa inakusaidia kidogo, inashika ngozi isipasuke. Nyanya ukiziingiza adesi ikiwa karibu kuiva zinaisaidia pia kubaki nzima.

Jambo lililowaangusha hasa ni joto la sufuria. Sufuria ndogo ya nyumbani ukiiepua, adesi inaacha kuiva. Sufuria yenye lita 30 haipoi hivyo, inabaki na joto la kupikia kwa nusu saa nzima baada ya kutoka motoni, ikiwa imefunikwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo adesi ya wengi huepuliwa ikiwa bado inashika kidogo chini ya jino, mfuniko unafunuliwa, na ule ushikaji unamalizika wenyewe. Anayengoja ilainike kabisa juu ya moto atapakua uji.

Adesi nyekundu iliyopasuliwa na kutolewa ngozi ni habari nyingine. Hiyo haina kitu cha kuishikilia, inavurugika ndani ya dakika 15 hadi 20, na hakuna ufundi wa kuizuia. Ipikwe kwa anayetaka mchuzi mzito wa kula na mkate au chapati, na mpishi asilaumiwe. Choroko ziko katikati: bila kuroweshwa dakika 40 hivi, zikiroweshwa saa mbili tatu zinashuka kidogo, na zikizidi hapo zinapasuka.

Kilichobaki stoo

Gunia la zamani lilikuwa na kama kilo 20. Msimamizi alitaka kulitupa, mimi sikuona haja. Yasichanganywe tena na mengine, basi. Bi Mkubwa huyarowesha kwa chumvi na soda kwa saa tisa, akayapika peke yake kwa maji ya mvua, kilo mbili mbili, ndani ya presha kuka aliyoazima. Joto la presha linapita lile la maji ya kawaida yanayochemka, na linaivunja hata pektini iliyokaza. Hayatoki mazuri kwa kula mazima, ngozi zake ni ngumu. Huyaponda, akayatia kwenye sufuria ya maharage mapya dakika za mwisho ili kuutia mchuzi uzito, na humo hayatambulikani.

Ununuzi nao ulibadilika. Sasa wananunua ya mwezi mmoja, na masika yakikaribia hawaweki akiba. Yanakaa kwenye mapipa yenye mifuniko, juu ya mbao, mbali na ule ukuta. Kabla ya kulipia gunia, msimamizi anaomba konzi moja, anaileta jikoni, inaroweshwa na kupikwa. Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu wachuuzi nao huchanganya ya msimu uliopita na ya msimu huu, na yakishachanganywa hayatenganishwi tena. Ikifika saa moja na nusu ya kuchemka na punje nyingine zina kiini huku nyingine zimepasuka, gunia hilo halinunuliwi, hata likiwa bei rahisi.

Mabaki, siku yakibaki, hayalazwi ndani ya sufuria. Lita 30 za maharage zilizofunikwa zinakaa vuguvugu usiku mzima, na vuguvugu hilo ndilo vijidudu vinavyolipenda. Yanamwagwa kwenye sinia pana, kina cha vidole vitatu, yakapoa ndani ya saa mbili na kuingia kwenye friji. Yaliyokwisha kutiwa tui yanachacha mapema zaidi, kwa hiyo siku hizi tui linatiwa kwenye sufuria moja kwanza, ya pili inangoja mpaka ijulikane kama italiwa.